Ana Homa, Siyo Anasoma

"Shikamo mwarimu. Dogo wangu hata weza kuja leo kwasababu anahoma. Nimeshapeleka zahanati."

Meseji ya namna hii ni rahisi kuicheka, na wengi huicheka. Lakini mwandishi wake anajua vizuri anachotaka kusema: "Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu hataweza kuja leo kwa sababu ana homa. Nimeshampeleka zahanati." Ni maneno kumi na matatu tu, na ndani yake mna makosa saba. Huenda imemchukua dakika nyingi kuiandika, akafuta, akarudia, kisha akaituma hivyohivyo kwa kuchoka. Simu aliyoishika ina kibodi yenye uwezo wa kubashiri neno kabla halijaisha na kupigia mstari mwekundu neno lisilo sawa. Kwa nini basi haikumsaidia? Na ingewezaje kumsaidia?

Jibu linaanzia kwenye aina ya makosa yenyewe. Mtu mwenye disleksia si mzembe wala si mjinga. Ubongo wake hupata taabu kuunganisha sauti za lugha na herufi zake, na taabu hiyo haimalizwi na ukubwa wala na kisomo. Kiswahili kina nafuu moja kubwa: karibu kila herufi inasomwa kama ilivyo, tofauti na Kiingereza. Ndiyo maana katika lugha zenye maandishi manyoofu, kama Kiitaliano na Kifini, disleksia mara nyingi hujionyesha kwa mwendo wa polepole kuliko kwa kusoma vibaya. Msomaji hufika, ila hukawia. Kwenye kuandika, hata hivyo, makosa yapo, na yana sehemu zake maalumu.

Iangalie tena ile meseji. Neno "mdogo" limepoteza m, na "nimeshampeleka" nalo limepoteza m. Sauti hii inapotangulia konsonanti nyingine, sikio huweza kukosa kuitenga na jirani yake. "Mwalimu" amekuwa "mwarimu", jambo ambalo huwapata pia wengi wasio na disleksia, kwa sababu lugha zao za kwanza hazitenganishi r na l. Halafu kuna nafasi: "hataweza" limekatwa, "kwa sababu" na "ana homa" yameunganishwa. Nafasi haina sauti. Anayeandika kwa kufuata sikio hana kitu cha kumwambia neno linaishia wapi.

Sasa tuiweke meseji hii mbele ya kikagua tahajia. Kazi yake ya kwanza ni nyepesi: analinganisha kila neno na kamusi yake, na lisilomo hulipigia mstari. Kwa mfano wetu, "shikamo", "mwarimu", "kwasababu" na "anahoma" yatanaswa. Lakini "dogo" ni neno halali, kama tunavyosema jambo dogo. "Hata" ni neno, "weza" ni neno. "Nimeshapeleka" ni kitenzi kisicho na kasoro yoyote, ila hakisemi ni nani aliyepelekwa. Makosa matatu kati ya saba yamepita bila mstari, na mwalimu atasoma "dogo wangu", maneno ya kijiweni, kutoka kwa kijana aliyekuwa anajitahidi kuonyesha adabu.

Kazi ya pili ndiyo ngumu: kubashiri neno lililokusudiwa. Mwaka 1964 Fred Damerau, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maneno yaliyokosewa katika maandishi aliyoyachunguza yalikuwa na kasoro moja tu kati ya nne: herufi imezidi, imepungua, imebadilishwa, au herufi mbili jirani zimepishana. Ugunduzi huo ukawa msingi wa visahihishi vingi hadi leo. Unachukua neno lililokosewa, unajaribu kila badiliko la hatua moja, unabakiza yale yanayotoa maneno halali, kisha unayapanga kwa jinsi yanavyotumika sana.

Fanya hivyo kwa "anahoma" uone kinachotokea. Badilisha h iwe s, unapata "anasoma". Iwe g, "anagoma". Iwe k, "anakoma". Badilisha o iwe a, "anahama". Iwe e, "anahema". Ongeza c, "anachoma". Na ukiweka nafasi moja katikati, ndipo unapata "ana homa". Majibu saba, yote yako hatua moja tu kutoka kwenye kosa. Kisahihishi kinachofuata wingi wa matumizi kitaelekea "anasoma", na mwalimu ataarifiwa kwamba mtoto hatakuja shule kwa sababu anasoma. Kibodi ya simu inayopima pia ukaribu wa vitufe itavutwa na "anagoma", kwa kuwa h na g zimekaa bega kwa bega. Mtoto mwenye homa amegeuka mgomaji.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kibodi nyingi za simu zimejengwa zikidhani kwamba mwandishi anajua tahajia, ila kidole kimeteleza. Kwa mtu anayeandika polepole kwa sababu mikono inatetemeka, vidole ni vinene kuliko vitufe au macho yamefifia, dhana hiyo ni sahihi, na usahihishaji wa kibodi humfaa sana. Mwenye disleksia kidole chake hakikuteleza. Alibonyeza r kwa makusudi kwa sababu ndiyo aliyoisikia. Kwenye kibodi r na l zimetengana mno, kwa hiyo mashine inayopima umbali wa vitufe itaona badiliko hilo kuwa lisilotarajiwa kabisa, wakati kwa sikio la mwandishi ndilo la karibu kuliko yote.

Tofauti hii imepimwa katika Kiingereza. Jennifer Pedler wa Chuo cha Birkbeck, London, alikusanya maandishi ya watu wenye disleksia na kuhesabu makosa yao. Takriban asilimia 39 ya makosa hayo yalikuwa mbali na neno sahihi kwa zaidi ya hatua moja, na asilimia 17 yalikuwa maneno halali yaliyokaa mahali pasipo pake, kama "dogo" letu. Kisahihishi kinachosubiri kosa la hatua moja kinamwacha mwandishi huyu njiani mara nyingi mno.

Kiswahili kinaongeza mzigo wake. Chukua mzizi mmoja, "pend". Nafsi ziko sita, kutoka "ni" hadi "wa". Chukua nyakati nne tu: na, li, ta, me. Mtendwa anaweza asitajwe, au akatajwa kwa ni, ku, m, tu au wa. Hizo ni njia sita. Sita mara nne mara sita ni 144. Ondoa chache zisizosemeka, bado una maneno zaidi ya mia kutoka mzizi mmoja, na hujagusa ukanushi, ngeli za vitu, wala pendwa, pendana, pendeza, pendelea na pendekeza. Kamusi ya kibodi iliyojengwa kwa kuokota maneno mazima kutoka kwenye maandishi itakuwa nayo baadhi tu. Mengine, yaliyo sahihi kabisa, yatapigiwa mstari mwekundu.

Kwa mwandishi hodari mstari huo ni kero ndogo; anaupuuza. Kwa mwenye disleksia ni dhara la kweli. Yeye hana mahali pengine pa kuhakikisha. Akiandika "hawajatuelekeza" kwa usahihi na mashine ikalikataa, ataligeuzageuza mpaka mstari utoweke, na mara nyingi utatoweka atakapokuwa amelikata vipande au ameliacha neno lake akashika jingine jepesi. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akiandika sentensi fupifupi, zenye vitenzi vilevile kila siku, asiharakishe kusema mtoto hana msamiati. Inawezekana anakwepa wekundu.

Dawa ya hili inajulikana tangu miaka ya 1980. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alijenga mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili, SWATWOL, akitumia mbinu ambayo Mfini mwenzake Kimmo Koskenniemi aliichapisha mwaka 1983. Badala ya kukariri kila neno, mfumo hujua vipande na kanuni za kuviunga: kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, mzizi, kiishio. Neno ambalo halijawahi kuandikwa popote bado linatambuliwa, mradi vipande vyake vimefuata mpangilio. Kikagua tahajia chenye elimu ya namna hii hakilikatai "hawajatuelekeza".

Ubashiri wa maneno nao unabanwa na umbo hilohilo la kitenzi. Wazo la ubashiri ni la kale kuliko simu janja. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walitengeneza mfumo ulioitwa PAL kwa ajili ya watu ambao kila kitufe kiliwagharimu nguvu nyingi. Unaandika herufi moja au mbili, mashine inakuwekea maneno machache yanayoanza hivyo, unachagua. Kwa Kiingereza hilo linafaa, kwa sababu mwanzo wa neno mara nyingi ndio unaolitambulisha.

Kitenzi cha Kiswahili kinaficha uso wake. Tazama "nimeshampeleka", lenye herufi 14. Mwandishi anabonyeza n, i, m, e. Kibodi inaleta labda "nimekuja", "nimefika", "nimeona". Anaongeza s, h, a. Inaleta "nimeshafika", "nimeshakula". Anaongeza m, bado mzizi haujaanza. Herufi nane zimekwisha, zaidi ya nusu ya neno, na mashine haina dalili hata moja ya kitendo chenyewe. Anapobonyeza p ndipo milango inafunguka: nimeshampa, nimeshampata, nimeshampigia, nimeshampeleka. Na kama neno zima halimo kwenye kamusi, halitaletwa kamwe. Mfumo unaobashiri kwa vipande ungempa "nimesha" mapema, kisha m, kisha ungemwekea mizizi inayoweza kufuata. Zaidi ya hapo ungeweza kumkumbusha ile m, kwa kuwa "peleka" hupenda kutajiwa anayepelekwa.

Je, ubashiri unaongeza kasi? Hapa watengenezaji huahidi kuliko wanavyotimiza. Heidi Koester na Simon Levine wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapima watumiaji katika miaka ya 1990, wakiwamo watu waliojeruhiwa uti wa mgongo. Idadi ya vitufe vilivyobonyezwa ilipungua kweli, lakini waliojeruhiwa waliandika polepole zaidi kuliko walipoandika herufi kwa herufi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, na wenzao walichapisha vipimo vya zaidi ya watu 37,000 wakiandika kwenye simu. Waliotumia usahihishaji wa kujiendesha walikuwa na kasi zaidi. Waliotegemea maneno ya kubashiriwa walikuwa wa polepole. Sababu haijifichi. Kuinua macho, kusoma maneno matatu, kuamua, kisha kurudi kwenye herufi huchukua muda, na muda huo ukizidi ule wa kubonyeza herufi mbili zilizobaki, hasara imeingia.

Kwa hiyo anayeandika polepole lakini anajua tahajia asiitazame orodha kila herufi. Afadhali ajizoeze kuitazama kwenye maneno marefu tu, baada ya herufi tatu nne, na aachane nayo kwenye "na", "ya" na "leo".

Kwa mwenye disleksia hesabu ni nyingine, maana faida yake haipo kwenye kasi. Kulitoa neno kichwani herufi kwa herufi ni kazi moja, na kulitambua ukiwekewa mbele ya macho ni kazi nyepesi zaidi. Charles MacArthur wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alilijaribu hilo mwaka 1998 kwa watoto watano wa miaka 9 na 10 wenye matatizo makubwa ya tahajia, waliokuwa wakiandikiana na mwalimu wao kwenye daftari la mazungumzo. Mwanzoni maneno yaliyosomeka yalikuwa kati ya asilimia 55 na 85. Walipopewa programu inayobashiri maneno na kuyatamka kwa sauti, wanne kati yao walifika asilimia 90 hadi 100. Ni watoto wachache, lakini kuruka kwenyewe ni kukubwa, na sehemu ya kutamka haikuwa pambo. Orodha ya maneno yanayofanana, kwa mtu anayesoma kwa taabu, ni mtihani mwingine. Sauti ndiyo inayomwambia lipi ni lake.

Kuna mambo machache ambayo mtu anaweza kuyafanya leo kwenye simu yake. La kwanza ni kuhakikisha Kiswahili kimeongezwa kwenye lugha za kibodi. Simu yenye Kiingereza peke yake inasahihisha kuelekea Kiingereza, na "homa" iko herufi moja tu kutoka kwenye "home". Pili, mwenye disleksia azime usahihishaji wa kujiendesha lakini aache mapendekezo yaendelee kuonekana. Kwenye Gboard sehemu hiyo huitwa Auto-correction. Tofauti ni kubwa: pendekezo linasubiri ridhaa yake, wakati usahihishaji hubadili neno kimyakimya, na yeye ndiye msomaji mwenye nafasi ndogo kabisa ya kugundua kwamba "anahoma" imekuwa "anagoma".

Tatu ni njia za mkato. Gboard ina Personal dictionary, na aifoni ina Text Replacement. Humo mtu huweka neno au sentensi nzima na kifupi chake: "shk" kwa "Shikamoo mwalimu", "kws" kwa "kwa sababu", pamoja na majina ya watoto, kijiji na dawa, ambayo mara nyingi kibodi haiyajui. Aombe mtu anayemwamini amkagulie tahajia siku ya kuyaingiza, kwa sababu baada ya hapo simu itayarudia kwa uaminifu, mazuri na mabaya.

Uaminifu huo ndio unaozaa tatizo jingine. Kibodi hujifunza kwa anayeitumia. Aliyeandika "kwasababu" mara nyingi ataanza kuletewa "kwasababu" kama pendekezo, bila mstari, na ataamini kwamba mashine imelithibitisha. Dalili yake ni neno lilelile lenye kosa kujitokeza kila siku katika meseji za mtu mmoja. Kwenye Gboard unalishikilia pendekezo hilo kwa kidole, kisha unaliburuta hadi kwenye pipa la taka linalotokea.

Nne ni kusomewa kabla ya kutuma. Simu nyingi za Android zina sauti ya Kiswahili, na kwenye kompyuta programu ya bure ya eSpeak NG husoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya bati. Sikio litanasa "dogo wangu", litanasa "anagoma", na pengine litashtuka kwamba "nimeshapeleka" halina mtu. Halitanasa "hata weza" wala "anahoma", kwa sababu yakisomwa yanasikika sawasawa na yaliyo sahihi. Makosa ya nafasi hubaki kwa jicho la mtu mwingine. Nafuu ni kwamba msomaji naye huyaelewa bila shida, kwa hiyo kijana mwenye dakika mbili za kusahihisha azitumie kwenye yale yanayogeuza maana.

Kwa upande wa watengenezaji kuna hatua ambayo haihitaji mtaji. LibreOffice na programu nyingine nyingi za bure hutumia kikagua tahajia kiitwacho Hunspell, ambacho kanuni zake ni faili la maandishi ya kawaida. Ndani yake mna jedwali la makosa yanayotarajiwa, na mistari kama hii inaifanya "mwarimu" ielekee "mwalimu" kabla ya neno lingine lolote:

```
REP 4
REP r l
REP l r
REP z dh
REP d md
```

Mstari wa mwisho ndio wa "mdogo" iliyopoteza m. Wenyewe hautamnasa "dogo", kwa kuwa jedwali husubiri neno ambalo tayari limekataliwa na kamusi, lakini "dudu" wa "mdudu" atapita vilevile, ilhali "domo" kwa "mdomo" napo ni neno halali. Ila yale yasiyomo kwenye kamusi yataweza kurudishiwa m yao. Ndiyo kusema kila mstari lazima upimwe kwa maneno halisi, mmojammoja. Jedwali la namna hii halitungwi mezani. Linataka makosa yenyewe kutoka kwenye madaftari: neno lililoandikwa upande mmoja, lililokusudiwa upande wa pili, jina la mwandishi limeondolewa, na maelezo ya lugha anayozungumza nyumbani, kwa kuwa r na l hazipishani kwa namna moja Mwanza, Murang'a na Mombasa.